Je, Wajua? Kijani Kinaweza Kuficha Nyekundu

Je, wajua kwamba ripoti ya mradi iliyo kijani juu na nyekundu ndani huitwa tikiti maji? Dawa yake ni kuandika kanuni ya rangi kabla kazi haijaanza.

Tuseme kuna mradi wa maji kijijini Misiera, Nakivale, na wakubwa wanaoidhinisha fedha wako Mbarara. Viwango vya Sphere vinataka angalau lita 15 kwa mtu kwa siku. Basi 15 na zaidi ni kijani, kuanzia 12 hadi chini ya 15 ni njano, chini ya 12 ni nyekundu. Wiki hii zimetoka lita 11. Taa ya mradi kwenye ripoti ni nyekundu, hata kama mabomba yote yameshalazwa.

Juu ya slaidi ya ripoti iwepo sentensi moja: “Maji hayatoshi, tunaomba idhini ya pampu ya pili kabla ya Ijumaa.” Chini yake mistari mitatu tu, yaani maji, muda na fedha, kila mmoja na taa yake.

Taa zitofautiane umbo pia: duara, pembetatu, mraba. Wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani, na printa nyingi za ofisini hutoa nyeusi tupu.