Asilimia 18 ya Kikima ni Ngapi kwa Mwaka?

Karatasi ya mkopo huwa na namba moja iliyoandikwa kwa wino mzito, nayo ndiyo mtu huondoka nayo akilini. Ile niliyotumiwa mwezi uliopita kutoka Kikima, kule juu kwenye vilima vya Mbooni, Makueni, ilikuwa na asilimia 18 kwa mwaka. Aliyenitumia ni shemeji yangu, mwenye duka la mbegu na mbolea, na swali lake lilikuwa fupi: achukue au asichukue? Mkopeshaji simtaji kwa jina, kwa kuwa karatasi yake ni kama za wengine wengi, na ukiitafuta Kongowea au Malindi utaipata.

Mkopo wenyewe ni shilingi 120,000 kwa miezi 12. Riba ya asilimia 18 ni shilingi 21,600. Jumla ni 141,600, na ukiigawa kwa kumi na mbili unapata malipo ya 11,800 kila mwezi. Hapo hesabu ya karatasi iko sawa na hakuna senti iliyopotea. Chini yake, kwa maandishi madogo, kuna ada ya kushughulikia mkopo, pamoja na ushuru wake, shilingi 4,200. Kisha bima ya mkopo 1,800. Zote mbili hukatwa kabla pesa hazijatoka. Kwa hivyo shemeji atakapotazama simu yake siku ya kupokea, ataona 114,000, si 120,000.

Nataka ndugu msomaji asimame hapa kidogo, maana hapa pana mambo mawili tofauti na watu huyachanganya.

La kwanza ni jinsi riba ilivyopigwa. Asilimia 18 imepigwa juu ya 120,000 kwa mwaka mzima, kana kwamba pesa zote hizo zimekaa mkononi mwa mkopaji miezi kumi na mbili. Lakini hazikukaa. Kila mwezi anarudisha sehemu yake. Kufikia mwezi wa saba, zaidi ya nusu ya deni imesharudi kwa mwenyewe, na bado riba inayotozwa ni ile ile ya siku ya kwanza. Hii ndiyo riba isiyopungua. Ile nyingine, riba ya salio linalopungua, hupigwa kila mwezi juu ya deni lililobaki tu. Namba mbili za asilimia, moja ya aina hii na nyingine ya aina ile, hazilinganishwi, kama vile huwezi kulinganisha pishi na kilo bila kujua pishi ina kilo ngapi.

La pili ni zile 6,000 zilizokatwa. Mkopaji hakuzishika hata dakika moja, lakini anazirudisha, tena na riba juu yake.

Basi njia ya kupata gharama ya kweli ni kuziacha asilimia zote za karatasi na kutazama pesa peke yake: zilizoingia mfukoni na zitakazotoka, na lini. Zimeingia 114,000. Zitatoka 11,800 mara kumi na mbili. Swali ni hili: ni riba gani ya mwezi, ikipigwa juu ya salio tu, itakayofanya deni la 114,000 liishe sawasawa kwa malipo hayo? Riba hiyo ndiyo bei ya mkopo.

Kwa karatasi na kalamu unaitafuta kwa kujaribu. Nilianza na asilimia 3 kwa mwezi. Unachukua 114,000, unaongeza asilimia 3 ya mwezi, unatoa 11,800. Unachobaki nacho unakiongezea asilimia 3 tena, unatoa 11,800, hivyo hivyo mpaka mara ya kumi na mbili. Mwisho wake salio likawa chini ya sifuri kwa kama 4,900, yaani mkopaji amelipa kupita kiasi. Asilimia 3 ni ndogo mno. Nikapanda hadi 4, na mwisho wa mwaka bado deni la kama 5,200 likawa limebaki. Hiyo nayo ni kubwa. Jibu liko katikati, kwa hivyo nikajaribu 3.5. Mwezi wa kwanza riba ni 3,990, ukitoa malipo salio linakuwa 106,190. Mwezi wa pili riba ni 3,717, salio 98,107. Mwezi wa sita salio ni 62,843. Mwezi wa kumi na moja ni 11,361, na mwezi wa mwisho riba ni 398 na malipo ni 11,800, likaisha na ziada ya shilingi 41 tu. Kwa mkopo wa ukubwa huu, hiyo ni sawa na sifuri.

Kwa hivyo bei ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Ukizidisha mara kumi na mbili ni 42 kwa mwaka. Ukihesabu vile riba inavyozaa riba mwezi hadi mwezi, ni kama 51. Namba hizi mbili zote ni za haki na zote hutumika, ila usichukue 42 ya mkopeshaji mmoja ukaipimia 51 ya mwingine. Uliza ni ipi.

Shemeji aliponipigia sauti yake ilikuwa ya mtu aliyedhani nimekosea. "Shemeji, hawa wameandika kumi na nane. Sasa wewe unaniambia arobaini na mbili?" Nikamwambia tuzigawe tuone kila sehemu imetoka wapi. Ukiondoa ada na bima, ukadhani kweli amepokea 120,000, riba ya mwezi ni kama 2.64, yaani karibu 32 kwa mwaka. Kwa hivyo kutoka 18 hadi 32 ni namna ya kupiga riba peke yake. Kutoka 32 hadi 42 ni zile shilingi 6,000 za makato. Watu wengi husema "ada ni ndogo, asilimia tano tu," na ni kweli ni tano ya mkopo, lakini hulipwa siku ya kwanza kwa pesa ambayo kwa wastani hukaa nawe nusu mwaka tu. Ndiyo maana katika hesabu ya mwaka inakuwa kumi.

Mwenye simu yenye Excel au Sheets hana haja ya kujaribu kwa mkono. Fomyula ni moja: idadi ya malipo, kiasi cha kila mwezi kikiwa na alama ya kutoa, kisha pesa uliyoipokea kweli.

```
=RATE(12,-11800,114000)
=RATE(12,-11800,114000)*12
=(1+RATE(12,-11800,114000))^12-1
```

Ya kwanza inatoa riba ya mwezi, ya pili 42, ya tatu 51. Kosa la kawaida ni kuandika 120,000 mahali pa 114,000. Ukifanya hivyo utapata ile 32 na utadhani umeshahesabu kila kitu. Jingine ni kusahau alama ya kutoa, na hapo fomyula itagoma.

Malipo yasipokuwa sawa kila mwezi, `RATE` haifai. Hii hutokea sana kwa wakopaji wa kilimo wanaolipa kidogo kabla ya mavuno, au pale bima inapotozwa kila mwezi na kupungua. Hapo andika ratiba yote kwenye safu moja, pesa uliyopokea juu kabisa, kisha kila malipo chini yake yakiwa na alama ya kutoa, miezi ikifuatana bila kuruka:

```
=IRR(A1:A13)
```

Mwezi usio na malipo uandike sifuri, usiuache wazi, maana nafasi tupu hurukwa na mwezi mzima unapotea katika hesabu.

Baada ya hapo shemeji alileta ratiba ya pili, ya mkopeshaji mwingine, ambayo alikuwa ameshaiweka kando kwa sababu iliandikwa asilimia 24. Kiasi ni kile kile, 120,000 kwa mwaka, ila riba ni ya salio linalopungua, asilimia 2 kwa mwezi, na makato yote ya mwanzo ni 2,400. Malipo yake ya mwezi ni 11,347. Anapokea 117,600. Ukiitia kwenye fomyula inatoka 2.33 kwa mwezi, yaani 28 kwa mwaka. Ile ya "24" ni rahisi kuliko ile ya "18" kwa tofauti kubwa, na kila mwezi anabaki na shilingi 453 zaidi dukani.

Nchini Kenya hesabu ya namna hii si jambo geni. Mwaka wa 2014 mabenki, kupitia chama chao, yalianza kutoa kipimo cha gharama ya mwaka kinachojumuisha riba na ada, na mwaka wa 2017 Benki Kuu pamoja na chama hicho wakafungua tovuti ya kulinganisha gharama za mikopo. Una haki ya kuuliza kipimo hicho pamoja na ratiba kamili kabla ya kutia sahihi. Lakini wakopeshaji wengi wa vijijini si mabenki, na ratiba mara nyingine ni kijikaratasi. Mikopo ya simu nayo ina lugha yake: M-Shwari ilipoanza Novemba 2012 haikuandika riba, iliandika ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Zidisha kumi na mbili upate 90.

Kuna swali moja ambalo ratiba haijibu, nalo lazima uulize kwa mdomo kisha uombe liandikwe: nikilipa mapema, inakuwaje? Kwa riba isiyopungua, wengine hudai malipo yote yaliyobaki bila kupunguza hata shilingi. Tuseme shemeji amepata pesa mwezi wa sita akataka kumaliza. Malipo sita yaliyobaki ni 70,800, ilhali deni la kweli wakati ule, kwa hesabu yetu ya juu, ni kama 62,800. Akilipa hizo 70,800, bei ya mkopo inapanda hadi karibu 4.7 kwa mwezi, yaani kama 57 kwa mwaka. Amelipa haraka na amelipa ghali zaidi. Vivyo hivyo kwa kuongeza mkopo juu ya mkopo: ada na bima hukatwa upya, mara nyingine juu ya kiasi chote na si nyongeza peke yake.

Wasomaji wetu wengi huku pwani watauliza kuhusu murabaha. Hukumu yake naiachia wenye elimu hiyo. Mimi nasema tu kwamba hesabu ya pesa inafanyika vile vile, ukiweka bei ya taslimu ya bidhaa mahali pa pesa iliyopokewa.

Kwa vyama vya akiba kuna kitu cha kuongeza. Ukilazimishwa kuweka akiba ambayo huwezi kuigusa mpaka mkopo uishe, itoe kwenye pesa uliyopokea na uirudishe kwenye safu siku utakayoruhusiwa kuitoa, pamoja na faida yake kama ipo. Lakini akiba uliyokuwa nayo kabla na ungeiacha hapo hata bila mkopo, usiihesabu.

Shemeji alichukua ile ya 24. Ada ya kulipa mapema kwenye mkopo huo ni shilingi 1,000, na ameiandikisha kwenye mkataba.