Ampea zinasema gramu 1,764, donge lina gramu 150: je, umeibiwa?

Tuseme wewe ni wa Mwamkulu, hapa Manispaa ya Mpanda. Hela ya mpunga wa mwaka huu umeiweka kwenye marudio ya dhahabu pamoja na wenzako wawili. Mmeyaloweka kwa sianidi, dhahabu imeyeyuka, kisha imenaswa na kaboni. Sasa kaboni yenu, kilo 400, iko kwenye mtambo wa ilusheni, na wewe umekaa pembeni ya seli unaangalia mita: ampea 20, kwa saa 12. Kemia ya kidato cha tatu bado unaikumbuka. Unatoa simu, unapiga hesabu, unapata gramu 1,764. Kesho yake unakabidhiwa donge lenye dhahabu gramu 150.

Hapo ndipo maneno huanza. Lakini kabla hujamshika mtu shati, turudi kwenye ile hesabu. Haijakosewa hata tarakimu moja. Kilichokosewa ni swali ambalo umeipa ijibu.

Tuanze na kitu rahisi zaidi: mrututu. Chukua maji ya mrututu, tumbukiza vipande viwili vya shaba safi, unganisha na betri. Kwenye kipande kilichounganishwa na upande hasi, yaani kathodi, shaba iliyokuwa ndani ya maji inaanza kuganda. Kila ayoni ya shaba kwenye mrututu imepungukiwa elektroni mbili, kwa hiyo haiwezi kuwa chuma mpaka ipewe elektroni mbili. Kumbe basi kujua uzito wa shaba ni suala la kuhesabu elektroni tu.

Na mita ya ampea ndiyo inayotuhesabia. Ampea 1 maana yake kulombi 1 ya chaji inapita kila sekunde. Ukizidisha ampea kwa sekunde unapata chaji yote. Kisha unahitaji kujua kulombi ngapi zinatosha moli moja ya elektroni, na jibu ni 96,485. Hiyo ndiyo konstanti ya Faraday, iliyopewa jina la Michael Faraday, Mwingereza aliyezigundua kanuni hizi miaka ya 1830. Darasani huwa tunaikadiria kuwa 96,500. Fomula nzima ni hii:

m = (I × t × M) / (z × F)

I ni ampea, t ni sekunde, M ni uzito wa moli moja ya metali kwa gramu, z ni idadi ya elektroni ambazo kila ayoni inazihitaji, na F ni konstanti ya Faraday.

Ukipitisha ampea 0.5 kwa dakika 30 kwenye mrututu, geuza kwanza dakika ziwe sekunde: 1,800. Chaji ni 0.5 × 1,800 = kulombi 900. Gawanya kwa 96,485, unapata moli 0.00933 za elektroni. Kila atomu ya shaba inachukua mbili, kwa hiyo shaba ni moli 0.00466. Zidisha kwa 63.5: gramu 0.296. Ukipima kathodi kabla na baada, ikiwa imekaushwa vizuri, utapata karibu kabisa na hapo. Ukipata mara mbili yake kwenye karatasi, umesahau z. Ukipata mara 60 pungufu, umeweka dakika badala ya sekunde.

Sasa turudi kwenye dhahabu yako. Ndani ya sianidi, kila atomu ya dhahabu inahitaji elektroni moja tu:

Au(CN)₂⁻ + e⁻ → Au + 2CN⁻

Saa 12 ni sekunde 43,200. Mara ampea 20, ni kulombi 864,000, ambazo ni moli 8.955 za elektroni. Dhahabu ni gramu 197 kwa moli, na z ni 1. Jibu: gramu 1,764. Hesabu yako iko sawa kabisa.

Ila ile hesabu ina sharti ambalo halijaandikwa: kila elektroni iliyopita iwe imekwenda kwa dhahabu. Kwenye mrututu sharti hilo linatimia kwa sababu shaba imejaa kwenye maji. Kwenye seli ya ilusheni, lita nzima inaweza kuwa na dhahabu miligramu makumi tu. Elektroni zinafika kathodi, zinakuta dhahabu haijafika, na hazisubiri. Zinakwenda kwa kilichopo, nacho ni maji:

2H₂O + 2e⁻ → H₂ + 2OH⁻

Dalili yake unaiona kwa macho: mapovu kwenye kathodi. Hayo ni haidrojeni, na ndiyo maana chumba cha seli kinatakiwa kipitishe hewa na pasiwe na moto wala sigara. Elektroni nyingine huchukuliwa na oksijeni iliyoyeyuka, na nyingine na fedha na shaba zilizokuja pamoja na dhahabu. Ndiyo maana pia kathodi hutengenezwa kwa nyuzi nyembamba za chuma, kama zile za kusugulia masufuria: eneo liwe kubwa, dhahabu chache zilizopo zipate pa kugusa. Ukiongeza ampea kupita kiasi huongezi dhahabu, unaongeza mapovu.

Kwa hiyo gramu 1,764 ni dari. Dhahabu haiwezi kuzidi hapo, lakini inaweza kuwa chini sana. Kwenye dhahabu ya sianidi, sehemu ya umeme inayofanya kazi uliyokusudia mara nyingi huwa chini ya asilimia 10. Kwako ni 150 ÷ 1,764, yaani asilimia 8.5. Si ajabu hata kidogo.

Basi utajuaje kama umeibiwa? Usiulize mita, uliza kaboni. Tuseme maabara ilipima kaboni kabla ya kuingia ikakuta gramu 400 kwa tani. Kilo 400 ni tani 0.4, kwa hiyo mliingiza gramu 160. Baada ya ilusheni imepimwa tena, imebaki na gramu 25 kwa tani, yaani gramu 10. Iliyotoka ni gramu 150. Hiyo ndiyo namba ya kudai.

Na donge usilipime kwa mizani peke yake, maana fedha imo humo humo. Donge la gramu 176 lenye usafi wa asilimia 85 lina dhahabu gramu 149.6. Hesabu imefunga, hakuna mwizi. Lingekuwa na dhahabu gramu 110, hapo una haki ya kuuliza gramu 40 ziko wapi: kwenye maji yaliyobaki ndani ya seli, kwenye nyuzi ambazo hazijasafishwa, au mfukoni mwa mtu. Mbili za kwanza zinapimika, anza nazo.

Angalizo moja: sampuli ya kaboni ichotwe sehemu nyingi za mfuko na ichanganywe, wewe ukiwepo. Ukichota juu tu, utabishana na mtu siku nzima kwa namba ambayo tangu mwanzo haikuwa ya kweli.