Doa linaloonyesha mmenyuko umekwisha

MKEMIA anayegeuza benzofenoni kuwa alkoholi kwa kutumia sodiamu borohaidraidi hawezi kujua kwa macho kama kazi imekwisha. Hivyo hutumia kromatografia ya tabaka jembamba, yaani kibati kilichopakwa silika.

Kwenye mstari wa penseli huweka madoa matatu: benzofenoni safi, mchanganyiko unaomenyuka, na kati yao vyote viwili kwa pamoja. Kisha husimamisha kibati katika kiyeyushi kisichofikia mstari huo.

Kiyeyushi kinachofaa ni heksani sehemu 4 kwa ethili asetati sehemu 1. Heksani pekee huiacha alkoholi chini. Ethili asetati ikizidi, madoa hukimbilia juu yote na kukaribiana.

Thamani ya Rf ni umbali wa doa uliogawanywa kwa umbali wa kiyeyushi. Kiyeyushi kikipanda sentimeta 5, benzofenoni 3 na alkoholi 1.5, Rf ni 0.6 na 0.3. Alkoholi hubaki nyuma kwa kuwa hushikwa zaidi na silika.

Chini ya mwanga wa urujuanimno madoa huonekana meusi. La juu likitoweka katika mchanganyiko, benzofenoni imekwisha. Likibakia, mmenyuko ukisitishwa utaacha zao chafu.

Rf hubadilika kutoka kibati hadi kibati, ndiyo maana benzofenoni safi huwekwa kando ya mchanganyiko kila mara.