Sekunde 30, Jambo Moja: Jinsi ya Kuandika Tangazo Fupi la Kuwaonya Watu wa Chama Chako

Kama wewe ni mweka hazina wa chama, ajenti, au ndiwe unayeaminika kwa mambo ya simu pale steji, basi umeshaombwa hivi: "Hebu tuwekee kitu kwa grupu ya WhatsApp, watu wanaibiwa." Unachukua simu, unarekodi, ukimaliza unaona umeongea dakika mbili na nusu. Unatuma. Watu wanaweka emoji ya mikono na hakuna aliyesikiza hadi mwisho.

Hata sisi tumepitia hapo. Tulikuwa tunaandaa tangazo la sekunde 30 kwa wateja wa Kisii na Nyamira, kuhusu ule wizi wa "nimekutumia pesa kimakosa." Unaujua. Meseji inaingia ikisema umepokea pesa. Dakika moja baadaye simu inaita, mtu analia kwamba alikosea namba na anaomba umrudishie. Unarudisha pesa yako mwenyewe, kwa sababu ile ya kwanza haikuwahi kuingia. Huku kwetu simu hizi huuma zaidi wakati watu wanatarajia pesa kweli, kama kipindi cha bonasi ya majani chai mwezi wa Oktoba. Mkulima anayepeleka majani Kebirigo au Nyansiongo akiona meseji ya pesa wakati huo, hashangai.

Hii hapa njia tuliyofuata, pamoja na makosa yetu, ili uandike tangazo lako bila kuyarudia.

Tulianza vibaya

Maandishi yetu ya kwanza yalikuwa hivi: "Hamjambo wateja wetu wapendwa. Usalama wa pesa zako ni muhimu kwetu. Usimpe mtu yeyote namba yako ya siri. Usirudishe pesa uliyotumiwa kimakosa. Angalia salio. Kagua jina la aliyetuma meseji. Ripoti namba za matapeli. Kaa macho."

Hakuna uongo hapo. Lakini tulipomchezea mama mmoja muuza ndizi pale Daraja Mbili, kisha tukamuuliza, "Umeambiwa ufanye nini?" alijibu, "Nisipatie mtu pin." Kijana wa boda aliyekuwa kando yake akasema, "Niripoti namba." Watu wawili, tangazo moja, majibu mawili. Na hakuna aliyetaja kuangalia salio, jambo ambalo lingewaokoa.

Tatizo lilikuwa hesabu tu. Ukisoma Kiswahili kwa mwendo wa kueleweka, sekunde 30 zinabeba maneno kama 55 hadi 65. Maneno yetu ya Kiswahili ni marefu, kwa hivyo usidanganywe na vipimo vya matangazo ya Kiingereza. Katika nafasi hiyo huwezi kuweka maonyo sita. Unaweza kuweka moja, likaeleweka.

Chagua hoja kabla ya kuandika chochote

Watu wengi huanza na maneno ya kuvutia, halafu wanatafuta hoja. Sisi tunakushauri uanze na hoja. Jiulize: msikilizaji akikumbuka jambo moja tu, ni lipi litamwokoa simu ikiita?

Tulikuwa na hoja mbili zilizoshindana. Ya kwanza: "Angalia salio lako kabla ya kurudisha pesa." Ya pili: "Hata kama pesa imeingia kweli, usirudishe mwenyewe." Hii ya pili ni ya maana sana. Mtu aliyekosea kweli kwenye M-Pesa anaweza kutuma ile meseji yake ya uthibitisho kwa 456 na kuomba muamala urudishwe. Ukimrudishia kwa mkono, kisha naye aombe urudishaji huko, unaweza kulipa mara mbili.

Tulijaribu kuziweka zote mbili. Wasikilizaji wakachanganyikiwa: kwanza tunawaambia waangalie kama pesa imeingia, halafu tunawaambia hata ikiingia wasirudishe. "Sasa nikiangalia ni ya nini?" mmoja alituuliza, na alikuwa na haki. Kwa hivyo tukachagua salio, na hoja ya pili ikawa tangazo lake lenyewe, la wiki iliyofuata. Ukiona neno "pia" kwenye maandishi yako ya sekunde 30, simama. Mara nyingi hapo ndipo tangazo la pili linaanzia.

Ndoano: sekunde 5 za kwanza

Ndoano ni kile kinachomfanya mtu asipite. Salamu si ndoano, na jina la kampuni au chama si ndoano. Weka kitu ambacho msikilizaji atasema, "Hii imenipata" au "hii ilimpata dadangu." Sisi tulitumia simu inayoita na sauti ya tapeli mwenyewe.

Kuna mtego hapa. Tulijaribu pia kuanza na "Pesa yako imeibwa!" Ilivuta masikio, ndiyo, lakini mzee mmoja alituambia kwamba hata wale wezi huongea hivyo hivyo. Ukitisha watu, unawafundisha kufanya haraka, na haraka ndiyo tapeli anayoitafuta. Ndoano nzuri inamfanya mtu atulie na kusikiza.

Angalia lugha pia. Ukirekodi kwa Ekegusii, kama wafanyavyo kwenye Egesa FM, usitafsiri neno kwa neno kutoka Kiswahili. Kwa Ekegusii "baba" ni mama, na baba ni "tata." Sauti ya tapeli ikianza na "Baba," bibi wa Keroka atajua anaitwa yeye, lakini mgeni wa Kiswahili atadhani ni mzee anaitwa. Amua lugha moja na uandike ndani yake tangu mwanzo.

Ushahidi: kitu anachoweza kukiona mwenyewe

Baada ya hoja, msikilizaji anauliza kimoyomoyo, "Nitaamini vipi?" Wengi hujibu kwa kusema "wataalamu wanashauri" au kutaja maelfu ya walioibiwa. Hiyo haimsaidii mtu aliyeshika simu sasa hivi. Ushahidi bora kwa tangazo fupi ni ule anaoweza kuurudia kwenye simu yake.

Kwa wizi huu ushahidi upo tayari. Mtu yeyote anaweza kuandika meseji inayosema umepokea pesa. Hawezi kuandika salio lako. Meseji feki inadai una pesa nyingi, ukipiga kuangalia salio unakuta ni ile ile ya asubuhi. Tofauti hiyo ndiyo ushahidi.

Tulikosea kwenye namba. Mara ya kwanza mama wa hadithi yetu alikuwa na shilingi 1,240, akatumiwa 3,470. Wasikilizaji wakaanza kupiga hesabu kichwani, na walipomaliza tangazo lilikuwa limeisha. Tukabadilisha: alikuwa na 200, akaambiwa ametumiwa 3,000. Hesabu hiyo sikio linaifanya lenyewe. Pia tulibadilisha neno "salio." Kwenye maandishi liko sawa, lakini sokoni tuliulizwa, "Salio ni ile balansi?" Basi tukasema balansi.

Ukitengeneza video na kuonyesha skrini, ficha majina, namba za simu na kiasi halisi cha mtu. Onyo dhidi ya wezi lisiwe ndilo linalowapa wezi namba.

Wito: tendo moja, na namna ya kulifanya

"Kaa macho" si wito, kwa sababu hakuna kidole kinachojua kifanye nini. Wito ni tendo ambalo mtu anaweza kulianza kabla simu haijapoa. Ukisema "angalia balansi," mwambie anapiga nini.

Tuliongeza neno moja mbele: "kata." Sababu ni kwamba mtu akiendelea kuongea na tapeli huku anaangalia balansi, tapeli atajitolea "kumsaidia," na atamwomba namba ya siri. Kwanza kata, kisha angalia. Hayo ni matendo mawili kwa kweli, lakini yanakwenda kwa mfuatano na yanamaliza kazi moja.

Haya ndiyo tuliyobaki nayo

*(Simu inaita.)*

*Sauti:* "Mama, nimekutumia elfu tatu kimakosa. Nirudishie haraka, mtoto yuko hospitali."

*Msimulizi:* "Ngoja kwanza. Kabla ya kurudisha hata shilingi, angalia balansi yako. Mama huyu alikuwa na mia mbili. Meseji inasema ana elfu tatu mia mbili. Balansi inasema bado ni mia mbili. Pesa haikuingia. Ukipigiwa simu kama hii, kata. Piga nyota tatu tatu nne reli, uangalie balansi yako."

Ni maneno 55. Ndoano ina 10, hoja ina 10, ushahidi 21, wito 14. Ushahidi umepewa nafasi kubwa makusudi, kwa sababu hapo ndipo mtu anaamini au anapita. Namba *334# tuliitaja tarakimu moja moja, kwa kuwa "mia tatu thelathini na nne" ni ndefu na inasahaulika. Na hoja imesikika mara mbili, kwenye sekunde ya kumi na mwishoni kabisa, bila kuongeza jambo jipya.

Lipime kabla ya kulituma

Washa saa ya kupimia kwenye simu na usome kwa sauti ukiwa umesimama, kwa mwendo wa kumweleza mtu mzima anayekuheshimu. Ukipita sekunde 30, usisome haraka. Kata maneno, na uanze na sifa na salamu.

Kisha mchezee mtu mmoja ambaye hajui unachofanya, mara moja tu, kukiwa na kelele za kawaida za soko au jikoni. Muulize maswali mawili: "Hii ni kuhusu nini?" na "Utafanya nini ukipigiwa?" Akijibu la kwanza akakosa la pili, ndoano yako ni nzuri lakini wito umefichika. Akijibu la pili kwa mambo matatu tofauti, una hoja nyingi. Akisema "sawa, lakini mimi siwezi kudanganywa," ushahidi haujamgusa, kwa hivyo tafuta mfano ulio karibu naye zaidi.

Yule mama wa Daraja Mbili tulimrudia na toleo hili. Alisikiza, akatoa simu kwenye leso, akapiga *334# akiwa bado amesimama na sisi. Hakutuambia balansi yake, na hatukuuliza.

Wiki hii andika moja kwa ajili ya chama chako. Chukua karatasi, andika hoja yako kwa sentensi moja, na uhesabu maneno.