Ini la mnywaji: kipi hurudi, kipi hakirudi

Wauguzi wa wodi za wagonjwa wa ndani wanalijua simulizi hili. Mwanamume wa miaka arobaini na kitu analetwa na ndugu zake, macho yamekuwa ya manjano, ana homa ya chini kwa chini, na akibonyezwa chini ya mbavu za kulia anaruka kwa maumivu. Ndugu wanaeleza kwa mshangao: huyu amekunywa miaka kumi na tano bila kuugua, sasa ameacha pombe wiki tatu tu ndipo amekuwa hivi. Wapo wanaohitimisha kwamba mwili ulishaizoea pombe, na kuiacha ndiko kulikomdhuru.

Mfuatano wa matukio ni huo kweli, ila sababu imepinduliwa. Ini lilianza kuvimba angali anakunywa. Uvimbe ukamwondolea hamu ya kula, ukamletea kichefuchefu, mwishowe hata pombe yenyewe ikamshinda. Aliacha kwa sababu tayari alikuwa mgonjwa; manjano yalichelewa tu kujitokeza. Ndiyo maana daktari huulizia unywaji wa siku 60 kabla ya macho kubadilika rangi, wala haishii kuuliza ya jana na juzi.

Ugonjwa huo ni homa ya ini itokanayo na pombe. Hauna kirusi, hauambukizi, na si ule unaozuiwa kwa chanjo ya homa ya ini B. Katika vitabu huwekwa katikati ya hatua tatu: kwanza ini kujaa mafuta, kisha homa ya ini, mwisho ini kujaa makovu, yaani sirosisi. Mpangilio huo unasaidia kuelewa, lakini wagonjwa hawaufuati kwa adabu. Wengi wanaofikishwa hospitali wakiwa na homa kali ya aina hii hukutwa makovu yapo chini yake siku nyingi, na ile hatua ya katikati inaweza kumuua mtu upesi kuliko ile inayoitwa ya mwisho.

Mwanzo wa yote ni kimya. Bia ya nusu lita yenye pombe ya asilimia 5 ina takribani gramu 20 za pombe halisi, na ini la mtu mzima huchakata kama gramu 7 hadi 10 kwa saa. Bia tano za jioni moja, basi, zinalipa ini kazi ya saa kumi na zaidi. Mwili hauna pa kuhifadhi pombe, kwa hiyo ini huiunguza kwanza na kuahirisha kazi nyingine, ikiwamo ya kuunguza mafuta. Kibaya zaidi, uchakataji huo wa pombe huchochea utengenezaji wa mafuta mapya. Mafuta hayo hujikusanya matone kwa matone ndani ya seli za ini, na takribani watu tisa kati ya kumi wanaokunywa sana huwa nayo. Mwenyewe hasikii kitu. Pengine uzito fulani upande wa kulia, ambao husingizia ugali wa jana.

Baa nyingi zina imani kwamba anayekula vizuri halidhuru ini lake: nyama choma kwanza, supu asubuhi, mambo sawa. Hata madaktari waliwahi kuamini kitu kinachokaribiana na hicho, kwamba walevi huharibika ini kwa sababu ya utapiamlo, si kwa pombe. Mwaka 1968, Charles Lieber na Emanuel Rubin wa New York walilipima jambo hilo kwa watu waliojitolea. Waliwapa chakula chenye protini nyingi na mafuta machache, pamoja na pombe iliyopimwa, wakachukua vinyama vya ini na kuvitazama kwa darubini. Ndani ya wiki chache mafuta yalikuwa yameonekana. Nyama choma ni tamu, ila haina ulinzi huo inaosifiwa.

Hatua hii ya mafuta ndiyo inayorudi kikamilifu. Mtu akiacha pombe kabisa, mafuta huyeyuka kwa kawaida ndani ya wiki nne hadi sita, na ini likapimwa tena hulikuti na alama. Hapa hakuna dawa ya kununua wala mizizi ya kuchemsha. Tahadhari ni mbili tu. Altrasaundi huyaona mafuta yakishakuwa mengi, hivyo picha safi haimaanishi ini safi. Na mnywaji mwenye kitambi au kisukari ana chanzo cha pili cha mafuta hayohayo. Akiacha bia bila kupunguza uzito, picha inaweza isibadilike sana.

Kwa nini ini la mmoja libaki na mafuta tu na la mwingine livimbe? Wingi wa pombe na miaka ya kunywa huchangia, jinsia pia: mwanamke huumia kwa kiasi kidogo zaidi cha pombe na kwa muda mfupi zaidi. Kinachotokea ndani ni kwamba pombe ikivunjwa hutoa asetaldehaidi, sumu inayojeruhi seli. Seli zilizojeruhiwa huita askari wa mwili, chembe nyeupe za damu, na hao wakifika huongeza uharibifu.

Kwenye vipimo vya damu homa hii ina alama zake. Vimeng'enya viwili vya ini, AST na ALT, hupanda, na AST huwa juu ya ALT, mara nyingi kwa zaidi ya mara mbili. Hata hivyo AST ni nadra kuvuka 400. Ikirudi ikiwa maelfu, daktari makini hatalaumu pombe peke yake. Atatafuta kirusi, au atauliza kama mgonjwa alikuwa anameza parasetamoli nyingi kutuliza kichwa cha asubuhi.

Swali la dharura ni kujua nani yuko hatarini kufa. Tangu mwaka 1978 ipo hesabu inayoitwa kwa jina la Maddrey, na inafanyika hata juu ya karatasi. Mchukulie mgonjwa ambaye damu yake inaganda kwa sekunde 20, wakati damu ya kulinganishia maabara inaganda kwa 13. Tofauti ni 7. Zidisha kwa 4.6 upate 32.2. Bilirubini yake, ile rangi ya manjano, ni miligramu 12 kwa desilita. Jumlisha: 44.2. Maabara nyingi za kwetu hutoa bilirubini kwa mikromoli, na hapo majibu yangesomeka kama 205. Hugawanywa kwa 17.1 kwanza, na anayesahau hatua hiyo hupata jibu la kutisha lisilo na maana. Ukifika 32 au zaidi, homa ni kali, na uwezekano wa kufa ndani ya mwezi mmoja ni mkubwa.

Mgonjwa wa 44.2 anaweza kupewa prednisoloni miligramu 40 kila siku kwa siku 28, mradi asiwe na maambukizi ambayo hayajadhibitiwa wala kutoka damu tumboni. Siku ya saba hupimwa tena. Bilirubini isiposhuka, dawa husimamishwa, kwa sababu kuiendeleza ni kumwongezea hatari ya maambukizi tu. Tusiipambe dawa hii. Utafiti wa Uingereza uliotangazwa mwaka 2015, wenye wagonjwa zaidi ya elfu moja, uliona nafuu ndogo ndani ya mwezi wa kwanza, na kufikia siku ya 90 nafuu hiyo ilikuwa imetoweka. Kinachoamua maisha baada ya hapo ni kama mtu amerudi kwenye chupa. Asiporudi, uvimbe hutulia kwa miezi kadhaa. Kwa hiyo homa hii hurudi nyuma, ila si lazima irudi yote: mahali palipoungua sana hubaki kovu.

Makovu hutengenezwa na seli ndogo zenye umbo la nyota, ambazo siku za kawaida kazi yake ni kuhifadhi vitamini A. Ini likijeruhiwa mara kwa mara, seli hizo hubadilika na kuanza kumwaga kolajeni. Nyuzi zikiungana, hulikata ini vipande vya vinundu, na hiyo ndiyo sirosisi. Tatizo si ugumu peke yake. Damu yote ya utumbo hupita kwenye ini kabla ya kwenda moyoni. Njia ikibanwa, damu hufanya kama mto uliozibwa, hujitafutia vijito vya pembeni. Vijito hivyo ni mishipa ya koromeo la chakula, inayotanuka mpaka kupasuka, na mtu hutapika damu beseni zima. Maji nayo huvuja na kujaa tumboni.

Hapa ndipo vipimo huwadanganya wengi. Mtu mwenye sirosisi anaweza kuoneshwa AST na ALT za kawaida akashangilia. Vimeng'enya huvuja kutoka kwenye seli zinazokufa. Ini lililobakiza seli chache halina cha kuvuja. Daktari anayelijua jambo hili hutazama albumini, muda wa damu kuganda, na chembe sahani, ambazo hupungua kwa sababu bandama iliyovimba inazishikilia.

Je, sirosisi hairudi kabisa? Zamani jibu lilikuwa la mkato. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa wa homa ya ini B waliotumia dawa ya tenofovia kwa miaka mitano: kati ya 96 walioanza wakiwa na sirosisi, 71 hawakuwa nayo tena vinyama vyao vilipotazamwa. Kovu, kumbe, linaweza kuyeyuka chanzo kikiondolewa. Kwa sirosisi ya pombe mtu asitarajie ini jipya, na makovu mazee yaliyonenepa hubishana. Lakini anayeacha pombe anaweza kuona maji ya tumbo yakikauka na bilirubini ikishuka. Wataalamu wa kongamano la Baveno la mwaka 2021 waliweka masharti ya kumwita mgonjwa wa namna hiyo aliyerejea: chanzo kimeondolewa, miezi 12 bila maji tumboni hata baada ya kuacha dawa za kukojoza, bila kuchanganyikiwa, bila kutapika damu, na vipimo vya utendaji wa ini vimeboreka.

Asiyerejea hubakiwa na upandikizaji, nao haufuti tatizo la unywaji. George Best, winga wa Manchester United wa miaka ya 1960, alipandikizwa ini London mwaka 2002. Alirudi kunywa, na akafariki Novemba 2005 akiwa na miaka 59.

Kuacha nako kuna namna yake. Aliyekunywa kila siku kwa miaka asifungiwe chumbani na ndugu wenye nia njema. Mikono hutetemeka ndani ya saa chache, degedege linaweza kuja ndani ya siku mbili, kisha kuona vitu visivyopo. Hospitali huwapa dawa za kutuliza zinazopunguzwa siku hadi siku, na vitamini B1 kuukinga ubongo. Na yule ambaye sirosisi yake imetulia huendelea kupigwa altrasaundi kila baada ya miezi sita, kwa kuwa saratani ya ini inaweza kuota kwenye makovu yaleyale miaka mingi baada ya chupa ya mwisho.