Sekunde Nane za Taa ya Mkanda

Tarehe 21 Mei 2024, safari ya SQ321 ya Shirika la Ndege la Singapore ilikuwa imekwishakaa angani kwa karibu saa kumi, ikitoka London kwenda Singapore. Ndani ya Boeing 777 hiyo walikuwamo abiria 211 na wafanyakazi 18, na kifungua kinywa kilikuwa kikigawiwa. Ikiwa kusini mwa Myanmar, kwenye kimo cha futi 37,000, ndege ilianza kutetemeka. Muda mfupi baadaye makumi ya watu walikuwa wameumia. Mzee mmoja wa miaka 73 alifariki, na wakuu wa uwanja wa Bangkok walisema huenda moyo wake ulishindwa.

Wachunguzi wa ajali wa Singapore walisoma vinasa kumbukumbu vya ndege, na siku nane baadaye wakatoa ripoti ya awali. Kwa saa za Bangkok, mtetemeko ulianza saa 8:49 mchana. Sekunde kama kumi na moja baadaye rubani mmoja alisikika akitamka kwamba taa ya mkanda imewashwa. Sekunde nane baada ya hapo ndege ilishuka ghafla. Kwa muda usiofika sekunde moja, uzito wa kila kilichokuwamo ndani uligeuka, ukakivuta kuelekea darini kwa nguvu ya mara moja na nusu ya uzito wake wa kawaida. Wachunguzi wanasema huenda hapo ndipo wasiofunga mkanda waliporushwa juu, na katika sekunde nne zilizofuata wakaangushwa chini. Katika purukushani yote hiyo ndege ilipoteza futi 178 tu za kimo, yaani mita 54 hivi. Kilichoumiza watu ni kasi ya mabadiliko, wala si umbali wa kuanguka.

Vinasa kumbukumbu havijui nani alikuwa amesimama kwenye njia, nani alikuwa chooni, wala nani alikuwa amelala mkanda ukiwa wazi. Habari hizo zinatoka kwa wahudumu wa ndege. Ripoti yao huanza kwa mdomo, kupitia simu ya ndani, wakimweleza rubani idadi ya walioumia na hali zao. Kwenye SQ321 marubani waliamua kugeuza safari kwenda Bangkok baada ya kuelezwa hivyo na wahudumu, wakaomba waganga wawe tayari uwanjani. Ndege ilitua saa 9:45 alasiri, karibu saa moja baada ya mkasa. Kwa muda wote huo, wahudumu ndio waliokuwa wauguzi, ingawa baadhi yao waliumia pia.

Ripoti ya maandishi hufuata baadaye. Sehemu yake ya kwanza ni muda. Mhudumu anaandika taa iliwaka lini, tangazo lilitolewa lini, mtikisiko mkubwa ulikuja lini, na yeye alikuwa akifanya nini kila hatua. Ndipo inapojulikana kama abiria alipata nafasi ya kufunga mkanda au hakuipata kabisa. Sekunde nane hazimtoshi mtu aliye chooni kurudi kitini. Hazimtoshi mhudumu kurudisha kigari cha chakula jikoni, na ndiyo maana wahudumu hufundishwa kwamba mtikisiko ukija bila onyo wasikimbilie viti vyao. Wanakanyaga breki ya kigari, wanaweka birika la moto chini, kisha wanakaa kwenye kiti chochote kilicho wazi au sakafuni na kushika kilicho imara.

Sehemu ya pili ni majeraha, nayo huandikwa kwa namba ya kiti. Tuchukue mfano wa kubuni. Abiria wa 41C alikuwa ameketi bila mkanda; kichwa kilipiga paneli ya dari, analalamika maumivu ya shingo na ganzi mikononi. Wa 38A alikuwa amefunga mkanda. Amemwagikiwa chai pajani, ngozi ina malengelenge. Wa 38B alikuwa amefunga mkanda, hana jeraha. Mistari hiyo mitatu inamweleza mchunguzi jinsi kila mtu alivyoumia, na inamweleza daktari aanzie wapi. Ganzi ya mikono ni dalili kwamba uti wa mgongo huenda umeguswa, hata kama mgonjwa anazungumza vizuri. Baada ya SQ321, hospitali moja ya Bangkok iliwatibu watu 22 wenye majeraha ya uti wa mgongo na sita wenye majeraha ya fuvu au ubongo. Haya ndiyo madhara ya mtu kurushwa darini kisha kuangukia kiti au sakafu.

Sehemu ya tatu ni huduma iliyotolewa, ikiandikwa pamoja na saa. Mtikisiko ukitulia, wahudumu hupita safu kwa safu wakiwatafuta kwanza wasioitika, wasiopumua na wanaovuja damu nyingi. Anayelia kwa sauti husubiri kidogo, kwa kuwa walau anapumua. Aliyeumia shingo hasogezwi bila sababu kubwa. Kichwa chake kinashikiliwa kisitikisike. Aliyeungua anapoozwa kwa maji baridi kwa dakika 20. Hapakwi mafuta wala dawa ya meno. Asiyepumua anakandamizwa kifua, na kifaa cha kushtua moyo kinaletwa. Wakati huohuo tangazo hutolewa kuuliza kama kuna daktari au muuguzi miongoni mwa abiria, kwa sababu sanduku la dawa kali kwa kawaida hufunguliwa kwa ajili ya mtu mwenye taaluma hiyo.

Kila tendo lina saa yake: oksijeni ilianza kutolewa lini, mapigo ya moyo yalikuwa mangapi, dawa gani ilitolewa na nani aliitoa. Nakala hukabidhiwa waganga wanaopanda ndege ikishatua. Bila maandishi hayo, mgonjwa aliyekuwa na ganzi saa moja iliyopita anaweza kuonekana kama aliyechoka tu.

Tatizo ni kwamba si kila jeraha huonekana papo hapo. Wapo wanaotembea kutoka kwenye ndege kwa sababu mwili bado una mshtuko, kisha shingo inakaza usiku. Sheria za kimataifa za uchunguzi wa ajali zinalijua hilo: mtu akilazwa hospitali zaidi ya saa 48, na kulazwa huko kukianza ndani ya siku saba tangu ajali, jeraha lake huhesabiwa kuwa kubwa. Kwa hiyo abiria asiyejitaja kwa mhudumu anakosa matibabu ya mapema, na jina lake linakosekana kwenye ripoti.

Ripoti ya Singapore inaeleza pia kwamba huenda ndege ilikuwa ikipita juu ya mawingu ya mvua yaliyokuwa yakikua. Rada ya ndege huona matone ya mvua, lakini hewa inayopanda kwa kasi juu ya wingu changa huweza kuwa na mvua kidogo mno ya kuonekana. Mawingu ya namna hiyo hukua kwa wingi katika ukanda wa ikweta, na ndege nyingi zinazotoka Nairobi, Entebbe au Dar es Salaam huupita ukanda huo.

Baada ya mkasa huo shirika lilibadili utaratibu wake: taa ya mkanda ikiwaka, si vinywaji vya moto tu vinavyositishwa, bali hata chakula, na wahudumu wenyewe wanakaa na kujifunga.

Basi msafiri, usiisubiri taa. Kila ukikaa kitini, mchana au usiku, funga mkanda chini ya tumbo, ubane nyonga. Ukilala, uufunge juu ya blanketi ili mhudumu auone bila kukuamsha. Na ukiumia, hata kidogo, mwambie mhudumu kabla hujashuka.