Je, Wajua? Sekunde za Kiduara Hula Dakika za Kutazama

Je, wajua mtu anayefungua video huanza kukata tamaa baada ya sekunde 2 tu? Mwaka 2012 watafiti wa kampuni ya Akamai na Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, walichambua video zilizofunguliwa mara milioni 23. Kuanzia sekunde ya 2, kila sekunde 1 ya ziada ya kungoja iliongeza wanaoondoka kwa asilimia 5.8. Hebu hesabu kimoyomoyo: moja, mbili… tayari kuna mtu kashafunga!

Na unadhani nani alikuwa mvumilivu kuliko wote? Mwenye simu na bando lake! Wenye intaneti ya faiba, waliozoea video kufunguka papo hapo, ndio waliokuwa wa kwanza kukimbia.

Sasa chukua matangazo ya moja kwa moja ya dakika 90, urefu wa mechi ya mpira. Utafiti wa mwaka 2011 wa Conviva na Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon ulionyesha kwamba sehemu ya muda inayoliwa na kukwama ikipanda kwa asilimia 1 ya muda wote, mtu hutazama pungufu kwa zaidi ya dakika 3. Asilimia 1 ya dakika 90 ni sekunde 54. Umeona biashara hiyo? Sekunde 54 za kiduara kinachozunguka, na zaidi ya dakika 3 zimeyeyuka!

Je, wajua ripoti inaweza kukuonyesha watu ambao hawapo? Tuseme video yako ya dakika 10 imetazamwa na watu 100. Tisini walio kwenye waifai hawakukwama hata mara moja, na 10 wanaotumia data ya simu walikwama sekunde 60 kila mmoja. Ripoti itaandika wastani wa sekunde 6. Mtafute huyo aliyekwama sekunde 6: hayupo! Ndiyo maana mzoefu hauamini wastani mpaka atenge waifai na data ya simu, kila kundi na safu yake.

Kuna na hili, ambalo mimi hulipenda sana. Video ikichosha, watazamaji huondoka pamoja: mstari wa ripoti unaoonyesha waliobaki huanguka ghafla mahali pamoja, tuseme dakika ya 4, kwa wa waifai na wa data vilevile. Mtandao ukisumbua, huyu anakwama dakika ya 2 akiwa ndani ya basi, yule dakika ya 7 akiingia ghorofani, kwa hiyo mstari wa watu wa data hushuka taratibu kama mteremko huku wa waifai ukitulia. Mwenye kasoro unamjua kwa umbo la mstari!

Je, wajua mkwamo mbaya kuliko wote huweza kukosekana kwenye ripoti? Habari za kukwama hutumwa na simu yenyewe, kwa mtandao uleule uliokwama. Bando likiisha katikati ya video na mtu akafunga, simu haina njia ya kutuma taarifa hiyo. Kwenye takwimu anaonekana kama aliyechoka akaenda zake.

Unataka kuushuhudia mkwamo ukija? Unganisha kompyuta na data ya simu yako, fungua video ya YouTube, bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya picha, uchague `Stats for nerds`. Tazama mstari wa `Buffer Health`: hizo ni sekunde za video zilizokwisha kupakuliwa, akiba yako. Sasa zima data. Picha inaendelea kucheza kana kwamba hakuna kilichotokea, huku akiba ikishuka, 20, 12, 5, hadi inapokaribia sifuri, na hapo ndipo kiduara kinatokea!

Nimeuweka mkasa mtamu mwisho. Mhandisi Chris Zacharias, alipokuwa YouTube, aliukondesha ukurasa wa video kutoka MB 1.2 hadi KB 98, akaujaribisha kwa watazamaji. Ripoti ikarudi: wastani wa muda wa kufunguka umeongezeka! Alipopasua takwimu nchi kwa nchi, akawakuta watazamaji wengi wapya wa Kusini-Mashariki mwa Asia, Amerika Kusini, Afrika na hata Siberia. Kwao ukurasa mpya ulichukua zaidi ya dakika 2, nao wakaungoja, kwa maana ule wa zamani ungewachukua zaidi ya dakika 20. Wastani uliharibika kwa sababu watu waliokuwa nje ya ripoti siku zote walikuwa wameingia.